Nduthi ya Mia Nne Thelathini kwa Siku: Hesabu Niliyoifanya Nikiwa Nimechelewa

Depoziti ya nduthi yangu ilikuwa fee ya semista.

Wacha nianze hapo, kwa sababu kila wiki kuna msee ananiuliza, “Buda, nichukue nduthi ya mkopo nianze deliveri?” Wengi wanaonijua hapa mtandaoni waliona zile picha za Februari 2023, mimi na Boxer nyekundu mpya, karatasi za nailoni bado ziko kwa kiti. Hamkuona kwamba Mathe alikuwa amenitumia 25,000 za kulipa fee, na mimi nikazipeleka dukani. Nilikuwa mwaka wa pili, nina areasi, na nilijiambia hivi: nitapiga kazi mwaka mmoja na nusu, nitamaliza mkopo, nitakuwa na mali yangu, kisha nirudi shule na doo yangu mwenyewe.

Shule sikurudi. Nduthi nilimaliza kulipa. Na mdogo wangu alipomaliza fomu foo akaniambia anataka kufuata njia yangu, na tena kwa pesa ya Mathe, ndio nikakaa chini na daftari langu la simu nikafanya hesabu ambayo ningefaa kuifanya nikiwa bado nimesimama pale dukani.

Ni hii.

Bei ya ukutani ilikuwa 165,000 keshi. Mimi sina keshi, kwa hivyo yule dada wa mauzo hata hakukaa sana kwa hiyo namba. Aliniambia, “Bosi wangu, wewe lipa 25,000 leo, halafu ni mia nne thelathini tu kwa siku. Hiyo ni pesa ya trip mbili.” Na kusema ukweli alikuwa sawa. 430 ni trip mbili. Shida ni kwamba mimi nilisikia “trip mbili” nikaacha kuuliza.

430 kwa siku 540 ni 232,200. Ongeza depoziti, nduthi ya 165,000 inakuwa ya 257,200. Nilikuwa nimekopa 140,000, nikarudisha 92,200 juu yake. Ndani ya hiyo kuna bima ya mwaka wa kwanza na ile traka wanayofunga chini ya tangi, lakini hizo ni sehemu ndogo. Nyingine yote ni riba.

Kama unataka kujua riba ya mkopo wowote wa aina hii, usiulize asilimia, kwa sababu utapewa ile inayosikika vizuri. Chukua malipo ya siku uzidishe kwa 30 upate ya mwezi. Yangu ilikuwa 12,900. Halafu fungua Google Sheets kwa simu uandike miezi, malipo ya mwezi, na pesa uliyokopa, hivi:

```
=RATE(18,-12900,140000)
```

Yangu inaleta karibu asilimia 6 kwa mwezi, juu ya deni linalobaki. Kwa mwezi, si kwa mwaka. Sacco nyingi hapa Kenya hutoza kama asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Kwa riba hiyo, 140,000 zile zile kwa miezi 18 ningelipa kama 8,540 kwa mwezi, na jumla haingefika 154,000. Tofauti ni zaidi ya ngiri 78. Lakini sacco huwa inataka uwe umeweka akiba kwanza, mara nyingi theluthi ya kile unachokopa, na wadhamini juu. Ukiwa na miaka 20 na areasi za fee, wadhamini wako wako wapi? Ndio maana tunaishia kwa duka.

Sasa tuje barabarani.

Nilikuwa nabeba parseli za watu wanaouza vitu mtandaoni, nachukua Kamukunji na Luthuli, napeleka Umoja, Rongai, Kawangware, popote. Jioni naingilia orda za chakula. Nikichukua wastani wa miezi yote, siku ya kazi ilikuwa inaleta 1,900, na nilikuwa nafanya siku 25 kwa mwezi. Hiyo ni 47,500. Ukitaja hiyo namba kwa wasee, kila mtu anataka nduthi.

Nilikuwa napiga kama kilomita 110 kwa siku. Kwa jam ya Nairobi, na mzigo nyuma, Boxer yangu ilikuwa inatoa kilomita 40 kwa lita. Sahau ile namba ya brosha. Hiyo ni lita 2.75. Nilipoanza, petroli Nairobi ilikuwa 177.30, kwa hivyo 488 kwa siku. Bando na simu, 50. Mpaka hapo kila mtu huhesabu.

Kitu ambacho hatuhesabu ni nduthi yenyewe kuisha. Tunasubiri iharibike, ndio tunaita fundi, tunalipa, tunalia, tunasema “wiki hii imekuwa mbaya.” Haikuwa mbaya. Ile pesa ulikuwa umeshaikula wiki zilizopita. Kila kilomita unayoenda inakata kipande cha tairi, cha cheni, cha oili, ila tu risiti haiji siku hiyo.

Nilichofanya ni kuchukua kila kitu nilichonunua Grogan na kukigawa kwa kilomita kilizodumu. Oili ni 700 na nilikuwa namwaga kila kilomita 2,000, kwa hivyo ni senti 35 kwa kilomita. Tairi la nyuma ni 3,600 na lilinidumu kama 15,000, hiyo ni senti 24. Cheni na spoketi zake mbili, 2,400, nazo kama 15,000, senti 16. Ukiongeza tairi la mbele, breki, klachi, kebo, beringi, plagi, balbu, pancha, na ile siku moja kubwa ya kufungua injini ambayo lazima itakuja, yangu ilifika shilingi moja na nusu kwa kilomita. Kwa kilomita 110, hiyo ni 165 kila siku. Hata siku ambayo hakuna kitu kimeharibika. Hasa siku hiyo.

Yako haitakuwa sawa na yangu. Msee wa Ngong' anayepanda mlima na abiria wawili atakula klachi haraka kuliko mimi. Lakini ukiandika bei, tarehe, na kilomita kila unaponunua kitu, miezi mitatu inatosha kujua yako.

Kwa hivyo mwezi wa kawaida ulikuwa hivi:

Mapato: 47,500
Petroli: 12,200
Nduthi kuisha: 4,125
Bando: 1,250
Mkopo: 12,900
Yangu: 17,025

Ona mstari wa mkopo. Mimi nafanya kazi siku 25, mkopo unafanya kazi siku 30. Ile “430 kwa siku” kwa siku za kazi ni 516. Jumapili umelala, unadaiwa. Umeenda mazishi ushago, unadaiwa.

Halafu 2023 ikafanya mambo yake. Julai VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, bei zikaendelea kupanda, na ilipofika katikati ya Oktoba EPRA ilitangaza petroli 217.36 Nairobi. Hiyo ni shilingi 40 juu ya ile niliyoanza nayo. Kwangu ni 110 zaidi kila siku, 2,750 kwa mwezi, na wateja walikuwa bado wanalipa 250 kwenda Umoja kama jana. 17,025 ikawa 14,275. Toa rent, toa chakula, jibu ni kulala na njaa kidogo.

Novemba, mvua ya El Niño, nilianguka Jogoo Road. Mimi nilitoka na goti limevimba. Nduthi ilitoka na foki imepinda, taa imekufa, na sproki ya riмu imekatika. Bima yangu ilikuwa thadi pati, yaani inamlinda yule unayemgonga, haikununulii hata balbu. Fundi alichukua 6,400. Nilikaa siku tisa bila kazi, na siku tisa ni 3,870 ya mkopo. Nikiwa nimechelewa kulipa, wakazima nduthi kupitia traka, na asubuhi moja nikakuta imebebwa iko yadi. Kuitoa, 3,500 juu ya deni. Jumla, kuanguka kwa sekunde mbili kulinila 13,770, karibu mwezi mzima wa pesa yangu ya wakati huo. Mkataba ulikuwa umesema hayo yote. Nilikuwa nimeweka sahihi bila kusoma ukurasa wa pili.

Huo ndio wakati niliongea na Mathe. Si kwamba nilikuwa mkweli. Nilihitaji 5,000 za yadi. Nilimwambia kwa simu, “Mama, ile fee sikulipa.” Akanyamaza sana. Kisha akauliza, “Uliumia wapi, baba?” Sikuwa hata nimemwambia nilianguka. Alitambua tu kwa sauti. Hiyo siku bado iko na mimi kuliko goti.

Agosti 2024 nikamaliza. Mkopo umeisha, nduthi ni yangu. Nilipiga picha tena, mkaona. Sasa hapa ndio watu wote tunasema “nimerudisha pesa yangu.” Nami niliamini hivyo mpaka nilipojilinganisha na jamaa mmoja wa pale stejini kwetu.

Huyu jamaa alikuwa anaendesha nduthi ya mzee fulani wa mtaa. Anampelekea 350 kila siku ya kazi. Oili na pancha ni zake, mambo makubwa ni ya mwenye. Tulikuwa tunamcheka, tunamwambia anatajirisha mtu. Basi wacha tumpe mapato yangu yale yale, 47,500, na bei ya petroli ile niliyoanza nayo. Toa petroli 12,200, toa bando 1,250, toa za mwenye 8,750, toa oili na pancha 1,250. Anabaki na 24,050.

Mimi mwenye mali, 17,025. Yeye tuliyekuwa tunamcheka, 24,050.

Tofauti ni 7,025 kila mwezi. Kwa miezi 18 ni 126,450. Ongeza ile depoziti yangu ya 25,000, inakuwa 151,450. Hiyo ndiyo bei halisi niliyolipa ili niwe na nduthi Agosti 2024, tena bila kuhesabu kuanguka, bei ya petroli kupanda, na bima ya mwaka wa pili niliyojilipia.

Na nduthi yenyewe ilikuwa ya pesa ngapi? Niliiuza Novemba 2024, ikiwa na kilomita 56,000 hivi, kwa 85,000.

Toa 85,000 kwa 151,450. Siku niliyopiga ile picha ya kumaliza mkopo nilikuwa bado nyuma ya yule jamaa kwa 66,450. Baada ya mkopo ningekuwa nabaki na 29,925 kwa mwezi, yaani 5,875 zaidi yake. Kwa hiyo kasi ningehitaji karibu mwaka mwingine mzima kumfikia, na hapo tunajifanya nduthi haipotezi bei huku ikienda kilomita elfu thelathini zaidi. Kumaliza mkopo na kurudisha pesa ni siku mbili tofauti. Kwangu zilikuwa mbali karibu mwaka.

Sasa sikiza sehemu ambayo iliniuma zaidi. Tuseme mimi Februari 2023 nimechukua nduthi ya mtu. Ile 25,000 naiweka. Ile 7,025 ambayo ingeenda kwa mkopo na spea, naiweka kila mwezi mahali ambapo mkono wangu haufiki haraka. Miezi tisa baadaye nina 88,225. Yaani ningeweza kununua keshi nduthi kama ile niliyouza mimi mwenyewe, yenye mileji kama hiyo, bila traka, bila yadi, bila mtu wa kunizimia asubuhi. Miezi tisa, si kumi na nane. Na kwa maisha yale yale niliyoishi, chakula kile kile.

Najua mtasema nini, na mko na haki. Kwanza, kuweka 7,025 ukiwa na njaa ni ngumu, na mkopo unakulazimisha. Ni kweli. Kuna watu wananunua nidhamu kwa asilimia 6 kwa mwezi, na kama ndivyo ulivyo, angalau jua unanunua nini. Pili, mwenye nduthi anaweza kuamka siku moja akaichukua ampe binamu yake. Ni kweli pia. Na tatu, nduthi ya mkono wa pili ina siri zake, na injini ya kilomita 56,000 iko karibu na ile siku kubwa ya kufunguliwa. Kwa hivyo usitumie 85 yote kununua. Tafuta ya 75, ubaki na ngiri kumi ya gereji.

Nilipouza niliona wanunuzi wajanja wanaangalia nini, basi wacha niwaambie kutoka upande wa muuzaji. Walitaka kuiwasha ikiwa baridi, asubuhi, kabla sijaipasha. Ikitoa moshi wa samawati, inakula oili, na hiyo ni pistoni na ringi. Waliishika hendeli wakaizungusha polepole taya ya mbele ikiwa hewani kusikia kama beringi zinakwama. Walisimama nyuma wakaangalia kama taya mbili ziko mstari mmoja, kwa sababu chasisi ikishapinda haidanganyi. Mmoja tu aliuliza kuhusu rangi.

Lakini kilichopandisha bei kuliko yote ni karatasi. Broka wa kwanza alinipa 62,000, kwa sababu logibuku ilikuwa bado na jina la mkopeshaji pamoja na langu. Mkopo ulikuwa umeisha Agosti, lakini hakuna mtu aliyeniambia kwamba jina haliondoki lenyewe. Lazima mkopeshaji akuachilie kwenye mfumo wa NTSA, ndio uweze kumhamishia mnunuzi. Nilifuatilia kwa wiki kadhaa, barua pepe, simu, kwenda ofisini kukaa kwa benchi. Zilipotoka, nduthi ile ile, moshi ule ule, ikaenda 85,000. Ngiri 23 kwa karatasi. Ukimaliza kulipa, anza kufuatilia hiyo siku hiyo hiyo. Na ukinunua, usitoe hata mia kabla namba ya chasisi iliyochongwa kwa chuma haijalingana na ya logibuku, na jina la anayekuuzia likawa peke yake.

Mdogo wangu nilimwonyesha hizi namba zote kejani kwa Mathe, Krismasi. Hakufurahi. Alisema, “Yaani bro, wewe ulipiga picha na mpya, mimi niendeshe ya mzee?” Nilikosa jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba depoziti haitatoka kwa Mathe tena, kwangu wala kwake.

Alinuna wiki mbili. Kisha akaenda kutafuta leseni, ile ya daraja la A3, kwa sababu ya kubeba abiria na mizigo kwa malipo ndiyo hiyo. Sasa anaendesha ya mwenye kule Kawangware, 350 kwa siku. Kuna miezi anaweka 7,000, kuna mwezi aliweka 2,300, kwa sababu alinunua viatu. Mwezi wa tisa wake huenda ukawa wa kumi na mbili. Bado ni mapema kuliko wangu.

Na ile 85,000? 25,000 ya kwanza nilimtumia Mathe. Kwa ujumbe wa M-Pesa hakuna mahali pa kuandika maelezo marefu, kwa hivyo nilimpigia nikamwambia, “Mama, hiyo ni ya semista.” Akacheka, akaniuliza kama sasa narudi shule. Nikamwambia tutaongea.